Kutoka picha ya mada hadi utetezi kamili: mfano wa kufunga uvuvi Ziwa Victoria

Mada nyingi za mdahalo siku hizi hufika kwa simu. Mtu kapiga picha ubao au karatasi iliyobandikwa mlangoni, kairusha kwenye kundi la WhatsApp, na nyuma yake kuna picha ya pili: nusu ukurasa wa daftari wenye vidokezo vya haraka haraka. Zimebaki siku mbili tatu na nyie ndio watetea mada. Hapa tunachukua picha mbili za namna hiyo, kama zinavyoweza kuifikia timu ya sekondari pale Ilemela au Nyamagana, na kuzijenga hadi ziwe utetezi wa wasemaji watatu wenye dakika saba kila mmoja, pamoja na majibu ya mapigo ya wapinzani.

Picha ya kwanza ina mada, lakini mwanga wa dirisha umemeza neno moja:

*Uvuvi [mng'ao] upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria ufungwe kwa miezi mitatu kila mwaka.*

Picha ya pili ina mistari mitano kwa kalamu ya bluu:

*Tanganyika walifunga 2024, mz 3*
*mama wa dagaa watakula nini??*
*sangara 50 (80?) sm*
*Kenya/Uganda hawafungi*
*vizimba!*

Soma picha kabla ya kufikiri hoja

Lile neno lililomezwa ndilo linaloamua mdahalo mzima. Likiwa "wote", unatetea kufungwa kwa dagaa, sangara, sato na hata kijana mwenye ndoano moja. Likiwa "wa sangara", umeokoka na mzigo wa dagaa, na nusu ya vidokezo vyako havina kazi. Timu nyingi hujaza pengo kwa neno linalowapendeza, kisha zinagundua siku ya mdahalo, mwenyekiti anaposoma mada kwa sauti, kwamba zimejiandaa kwa mada nyingine.

Anza kwa kuomba picha upya. WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mwombe aliyepiga aitume kama faili, na kama bado yuko karibu na ubao apige nyingine akiwa amesimama pembeni kidogo ili mng'ao uhame. Ukishindwa kuipata, ifungue uliyonayo, punguza mwangaza wa picha, ongeza utofauti wa giza na nuru, kisha pima nafasi. Linganisha pengo na maneno yaliyo jirani yake kwenye mstari uleule. Kama pengo lina upana wa neno "kila", "wote" linaingia vizuri, lakini "wa sangara" lingehitaji nafasi zaidi ya mara mbili. Sarufi hapa haitakusaidia, maana "uvuvi wote" na "uvuvi wa sangara" vyote vinakubaliana na "ufungwe".

Halafu nakili mada kwa mkono, neno kwa neno, bila kurekebisha chochote. Mpe mwenzako ile picha naye anakili bila kuona karatasi yako. Zilinganisheni. Ni kazi ya dakika mbili, na mara nyingi hapo ndipo mtu anagundua kwamba alisoma "kwa miezi mitatu" kama "kila miezi mitatu", jambo ambalo ni tofauti kabisa. Ikiwa shaka bado ipo, jiandae kwa maana iliyo ngumu zaidi. Aliyejiandaa kutetea "wote" anaweza kushuka hadi "sangara" asubuhi ya siku yenyewe, lakini kupanda kutoka "sangara" hadi "wote" hakuwezekani kwa nusu saa. Kuanzia hapa tunashika "wote".

Panga vidokezo kwa kuuliza vinamsaidia nani

Vidokezo vya daftarini havikuandikwa kwa mpangilio. Aliyeandika alikuwa anasikiliza, anakumbuka na kuogopa kwa wakati mmoja. Kosa la kawaida ni kuvichukua vyote vitano na kuvifanya hoja tano. Badala yake, gawa karatasi kwa mstari wa katikati, kushoto uandike "kwetu" na kulia "kwao", kisha uweke kila kidokezo upande wake kwa ukweli.

Kidokezo cha Tanganyika kinaonekana ni chetu. Ni kweli kwamba Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Lakini jiulize kinathibitisha nini hasa. Kinathibitisha kwamba serikali inaweza kufunga ziwa kubwa kwa miezi mitatu na maisha yakaendelea. Hakithibitishi chenyewe kwamba samaki waliongezeka, na usiseme hivyo kama huna takwimu mkononi. Zaidi ya hapo, lile ziwa lina nchi nne, na hatua ile ilitokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Mpinzani mwenye akili ataunganisha jambo hilo na kidokezo cha nne: "Kule walikubaliana, huku mnataka kufunga peke yenu." Kidokezo hicho basi kinakaa juu ya mstari, nusu kwetu nusu kwao.

"Mama wa dagaa watakula nini" ni chao, na ndicho kizito kuliko vyote. "Kenya/Uganda hawafungi" pia ni chao, ila kisome kama "hawafungi uvuvi wote", maana Kenya imekuwa na msimu wa kufunga uvuvi wa dagaa.

Kidokezo cha sangara kina tatizo la mwandiko kwanza. 5 na 8 za kalamu inayovuja hufanana, na aliyeandika mwenyewe ameweka alama ya kuuliza. Tarakimu yenye shaka haisemwi jukwaani mpaka ithibitishwe, na hii inathibitishwa kirahisi kwa kuuliza kwenye mwalo wowote: kipimo cha chini cha sangara anayeruhusiwa kuvuliwa ni sentimita 50. Sasa, kinamsaidia nani? Kwa haraka utasema chetu, kwa kuwa kinahusu kulinda samaki wachanga. Ukweli ni kwamba wapinzani wataking'ang'ania: "Sheria ya kulinda wachanga ipo tayari, kwa nini mfunge ziwa?" Kiweke kwao kwa sasa. Tutakirudia, kwa sababu ndani yake kuna hoja yetu bora.

"Vizimba!" kina alama ya mshangao, maana yake aliyeandika aliona ni suluhisho. Kiweke kwetu, lakini kwa penseli.

Mwisho wa zoezi hili, upande wa kushoto una kidokezo kimoja na nusu. Usishtuke. Ramani ya mapigo yanayokuja ina faida kuliko orodha ndefu ya mambo mazuri kuhusu samaki.

Kabla ya kuendelea, uliza nani hayumo kwenye daftari. Hapa anakosekana mtu mkubwa: viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, wafanyakazi wake na wanunuzi wake wa nje. Mpinzani yeyote wa Mwanza atawakumbuka, kwa sababu pengine shangazi yake anafanya kazi humo. Ongeza mstari wa sita upande wa kulia.

Andika pigo lao kubwa, ndipo uandike mpango

Watu wengi hujenga hoja zao kwanza na majibu huachwa usiku wa mwisho. Sisi tunashauri kinyume chake. Mtetea mada ana haki moja ambayo mpinzani hana: anaeleza yeye jinsi jambo litakavyotekelezwa. Mpango ukiandikwa huku ukitazama pigo kubwa, pigo hilo linafika likiwa limechoka.

Liandike kama angeliandika mpinzani hodari, kwa nguvu zake zote:

"Mama anayeanika dagaa Igombe hana mshahara wala akiba. Ananunua ndoo kwa mkopo asubuhi, anaanika, anauza, analipa. Mkimfungia miezi mitatu, mkopo unaendelea kula riba, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mtaji wake unaliwa. Ziwa likifunguliwa, samaki wapo lakini yeye hayupo tena kwenye biashara."

Ukiandika pigo legevu, kama "watu watakosa kitoweo", majibu yako yatalegea vilevile na utashangaa jukwaani.

Sasa mpango. Mada inasema miezi mitatu lakini haisemi ipi. Hiyo ni nafasi yako. Chagua Machi, Aprili na Mei, yaani masika. Sababu yake inaeleweka na kila aliyewahi kufika ufukweni: dagaa wengi hukaushwa juani, juu ya mchanga au vichanja, na mvua ikinyesha mfululizo wanaoza au wanauzwa kwa bei ya kutupa kama chakula cha kuku. Ukifunga miezi ambayo mkaushaji anapata hasara hata ziwa likiwa wazi, unapunguza uzito wa pigo kabla halijarushwa.

Sharti la pili ni kwamba tarehe zinatangazwa mwaka mzima kabla, na hazibadiliki. Dagaa aliyekauka vizuri hukaa miezi, kwa hiyo mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba anayejua tarehe anaweza kuweka shehena na kuuza katikati ya kufungwa, bei ikiwa nzuri. La tatu, ada ya leseni ya mwaka inapunguzwa kwa robo, kwa kuwa miezi mitatu ni robo ya mwaka. La nne, marejesho ya mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana wanaoishi kwa uvuvi yanasimama kwa miezi hiyo bila adhabu.

Angalia kisichokuwemo. Hatukuahidi kwamba serikali itamlipa kila mvuvi fidia. Ahadi hiyo huleta swali moja tu, "Hela inatoka wapi?", na ukishindwa kulijibu mpango wote unaonekana wa kubuni. Sharti la leseni na la mikopo halihitaji hela mpya nyingi, ni kuacha kudai kwa muda.

Sasa vile vizimba vya penseli. Timu nyingi zingeandika: "Wavuvi watahamia kwenye ufugaji wa samaki kwa vizimba." Simama hapo. Kizimba kinafuga sato, na sato wa kizimba anakula chakula cha kununua. Dagaa ni malighafi ya vyakula vya mifugo na samaki. Ukifunga dagaa, unapandisha gharama ya chakula cha samaki walewale uliosema ndio mkombozi. Hoja inajila mkia. Isitoshe, kuanzisha kizimba kunahitaji mtaji na miezi kadhaa kabla ya kuvuna, hivyo mama wa Igombe hawezi kukiingia Machi na kukitoka Juni. Kwa hiyo kidokezo kilichokuwa na mshangao kinashushwa cheo: kinabaki ndani ya fasili tu. Tutasema kwamba kinachofungwa ni kutoa samaki wa ziwani, na ufugaji wa vizimbani unaendelea. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba samaki hawatakosekana kabisa sokoni. Usikibebeshe zaidi ya hapo.

Fasili: dakika moja, na bila ujanja

Msemaji wa kwanza anafafanua maneno ya mada. Ufafanuzi mzuri unabana maneno yenye utata na kuyaacha mengine. Kwa mada yetu unaweza kusomeka hivi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwa uvuvi wote tunamaanisha kutoa samaki wa asili ziwani kwa zana yoyote, ya biashara au ya kitoweo. Ufugaji wa vizimbani si uvuvi. Kwa kufungwa tunamaanisha chombo chochote chenye zana za uvuvi hakiruhusiwi majini, upande wa Tanzania, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei."

Kishawishi hapa ni kulainisha. Mtu atapendekeza "kufungwa" kumaanishe kupunguza, au "uvuvi wote" kumaanishe uvuvi wote haramu. Usikubali. Uvuvi haramu umeshakatazwa, hivyo mdahalo unakuwa hauna ubishi, na waamuzi huliona hilo mara moja. Mpinzani naye atasimama na kusoma mada upya polepole, na wasemaji wenu wawili waliobaki watatumia muda wao kujitetea kuhusu maana ya neno badala ya kuzungumzia ziwa.

Hoja mbili zinatosha

Kwa dakika saba kwa msemaji, hoja mbili zilizoshiba zinashinda nne zilizokonda. Kila hoja ipitie maswali matatu kwa mpangilio: nini kinatokea leo, kufunga kunabadilishaje, na kwa nini njia nyingine isifanye kazi hiyohiyo. Swali la tatu ndilo linalorukwa na wengi.

Hoja ya kwanza ni ya dagaa kupata muda wa kukua. Dagaa wa Ziwa Victoria ana maisha mafupi na hukua haraka, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya umri. Anayeachwa Machi akiwa mchanga anaweza kuwa amefikia kuzaa, au amekaribia, ziwa linapofunguliwa. Hapa kuna mtego: usiseme "tunafunga msimu wa kuzaliana". Dagaa huzaa mwaka mzima, ingawa kuna vipindi anavyozaa zaidi, na mtu mmoja tu ukumbini aliyesoma mambo ya samaki Nyegezi atakuumbua. Sema unampa muda wa kukua, basi.

Kwa sangara hoja hii ni dhaifu. Sangara huishi miaka mingi, na miezi mitatu haimbadilishi sana. Ukimwingiza hapa unampa mpinzani mlango. Mwache kwa hoja ya pili.

Hoja ya pili ndiyo ile iliyofichwa ndani ya kidokezo cha sentimita 50. Sheria ya kipimo ipo, lakini fikiria kazi ya anayeisimamia. Doria inabidi isimamishe mtumbwi, ivute nyavu zilizo majini, ipime macho ya nyavu, ipime samaki, tena usiku, kwenye ziwa ambalo upande wetu peke yake ni takriban nusu ya ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Mwenye nyavu haramu anahitaji tu kuchanganyika na mia walio halali. Katika miezi ya kufungwa hali inageuka: hakuna halali wa kujificha nyuma yake. Uvuvi wa dagaa hutumia taa, na taa moja juu ya maji usiku wa giza inaonekana kutoka mbali. Anayelinda mwalo hahitaji rula, anahitaji macho. Ndipo unapojibu swali la tatu: sheria ya vipimo inashindwa kwa sababu inadai kukagua kila chombo, na kufunga kunaondoa hitaji hilo kwa robo ya mwaka.

Umeona kilichotokea. Kidokezo kilichokuwa upande wa wapinzani kimekuwa nguzo yetu, kwa sababu tulikubali kwanza kwamba ni chao na tukauliza kwa nini sheria hiyo haijatosha.

Kadi za majibu

Chukua karatasi ya A4, ikunje mara mbili, kata vipande vinne. Kila kipande ni kadi ya pigo moja. Juu andika pigo kwa maneno matano au sita, makubwa, ili ulipate kwa jicho moja mpinzani anapolitaja. Chini weka sentensi tatu tu: tunakubali nini, tunakataa nini na kwa nini, na hilo linaacha nini kwa mwamuzi. Kadi ikihitaji upande wa pili, jibu bado halijaiva.

Anayeanza na "si kweli" kwa kila pigo hupoteza waamuzi haraka. Mapigo mengine ni ya kweli, na kazi yako ni kuonyesha ni madogo kuliko yanavyotangazwa, au kwamba yanatokea hata bila kufunga. Hii ni kadi ya Kenya na Uganda:

KENYA NA UGANDA HAWAFUNGI UVUVI WOTE
*Tunakubali:* samaki hawajui mpaka, na wengine watavuliwa upande wa pili.
*Lakini:* upande wetu ni takriban asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6. Nusu ya ziwa ikipumzika si sawa na ziwa lote kutopumzika, na kuvuka mpaka kuvua huku bila kibali ni kosa hata leo.
*Kwa hiyo:* wapinzani wameonyesha faida itapungua. Hawajaonyesha kwamba haitakuwepo.

Ukitaka kuiongezea Tanganyika, iweke hapa na si kwenye hoja kuu: kule nchi zilifikia makubaliano, na nchi yenye sehemu kubwa kuliko wote Ziwa Victoria ikianza, ina neno zaidi mezani kuliko ikisubiri. Sema hivyo kama matarajio, usiseme kwamba Uganda itafuata.

Kadi ya viwanda inahitaji ukweli zaidi. Minofu iliyogandishwa inaweza kuwekwa akiba, lakini ile inayosafirishwa mbichi kwenye barafu haiwezi. Kwa hiyo kubali wazi: kwa miezi mitatu soko la minofu mibichi litaumia. Kisha uweke mizani. Kiwanda kinapungukiwa malighafi hata sasa pale sangara wanapopungua, na upungufu huo haujulikani utaanza lini wala kuisha lini. Kufungwa kwa tarehe inayojulikana kunapangika, kwa likizo za wafanyakazi na matengenezo ya mitambo. Jibu hili halifuti hasara. Linailinganisha na hasara nyingine, na hapo ndipo mdahalo unapoamuliwa.

Kuna pigo moja la wenyeji ambalo haliko daftarini lakini lisikukute mikono mitupu. Wavuvi wa dagaa tayari hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa kwenye mwanga wa mwezi. Mpinzani atasema ziwa linapumzika kila mwezi bure. Jibu lina sentensi mbili: siku chache zinatosha mvuvi kulala, hazitoshi dagaa mchanga kukua. Na kwa kuwa wavuvi na wakaushaji wameshazoea kupanga matumizi kwa kufuata siku zisizo na samaki, hawaanzi na kitu kigeni kabisa.

Kadi ya mama wa dagaa iandikwe ya mwisho, ukiwa na mpango mezani. Itaje tarehe inayojulikana, masika, akiba ya dagaa wakavu na marejesho yaliyosimamishwa. Hakikisha kila neno kwenye kadi hiyo lilishasemwa na msemaji wa kwanza. Mpango unaozaliwa ndani ya jibu, baada ya pigo, huonekana ni wa kubahatisha, na waamuzi wengi hawauhesabu.

Kugawa dakika

Msemaji wa kwanza: dakika moja ya fasili, mbili za mpango, tatu za hoja ya dagaa, na moja ya kumtambulisha mwenzake na hoja yake. Wa pili anaanza kwa majibu, dakika mbili na nusu, kisha hoja ya doria kwa nne, na nusu dakika ya kufunga. Wa tatu haleti hoja mpya. Anachagua mapigo mawili makubwa yaliyosemwa kweli ukumbini, si yaliyotarajiwa, na kuyajibu kwa kina.

Someni kwa sauti mkiwa na saa. Maandishi yanayoonekana mafupi kwenye karatasi huwa marefu mdomoni, hasa yenye tarakimu, na "asilimia hamsini na moja" inachukua pumzi nzima. Ukizidi kwa sekunde 40, kata mfano, usikate sababu. Na mpinzani akiinuka na "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti" katikati ya maelezo ya mpango, mwambie utampokea baadaye, umalize masharti yote manne kwanza, kisha umpokee mwanzoni mwa hoja ya dagaa. Ukimpokea kati ya sharti la pili na la tatu, atauliza kuhusu mikopo ambayo hujaifikia, na ukumbi utakumbuka swali lake badala ya sharti lako.

Asubuhi ya mdahalo, kabla ya kuingia, chukua tena ile picha ya mada na ulinganishe na ubao wa ukumbini. Kama pale pameandikwa "wa sangara", toa kadi ya mama wa dagaa na ya mbalamwezi, hoja ya dagaa iondoke yote, na hoja ya doria ihamie kwa msemaji wa kwanza. Mfano wa taa uondoke nao, maana ulikuwa wa wavuvi wa dagaa, ambao sasa wataendelea kuwa majini kihalali. Badala yake sema kwamba nyavu za sangara hazifanani na za dagaa, hivyo anayelinda atajua chombo kimefuata nini kwa kutazama zana zilizomo, bila kupima samaki mmoja mmoja.